Myaka mbili na miezi ine ndani ya sivi: namna ya kuandika buloko bila kudanganya

Mwanaume mumoja aliingia katika biro yetu ya sendika, hapa Kolwezi, na farde ya plastiki chini ya kwapa. Ana myaka 41, kazi yake ni sudere. Tutamuita Sudere tu, juu jina lake halina kazi katika habari hii. Akaikala kwenye banki, akafungua farde, akatoa sivi ya ukurasa moja na kuiweka mbele yetu.

« Ba papa, hii sivi ni ninyi njo mulinitengenezeaka. Banairudisha. Sasa nifanye nini? »

Alikuwa na haki ya kutuuliza vile. Ile sivi tuliiandika sisi wenyewe, na ilikuwa na uongo ndani.

Mambo yake iko hivi. Tangu 2014 alikuwa anasude katika sosiete moja ya sutretansi yenye kutumikia migodi. Mwezi wa nane 2021 walimukamata pamoja na wengine wawili juu ya kable za shaba zenye zilitoka shantye usiku. Tribinali ikamuhukumu miezi 28 ya kifungo juu ya wizi, na akaifunga yote, mupaka mwezi wa kumi na mbili 2023. Wakati alitoka, tuliona huruma. Tukasema tukiandika buloko, hakuna mutu atasoma musitari unaofuata. Basi tukaandika: « 2021-2023, ulimaji wa mahindi, Kasenga. » Tuliona tumemusaidia.

Sosiete moja ikamuita. Waliangalia sivi, wakapenda myaka yake ya kazi, wakamuambia alete mikanda yote, pamoja na kazye judisyeri. Akaileta, juu bila ile hawapokee farde. Yule mama wa biro ya watumishi akaweka kartasi mbili moja kando ya ingine. Moja inasema mutu huyu analima Kasenga. Ingine inasema tribinali ya Kolwezi ilimuhukumu ndani ya wakati uleule. Akamurudishia farde na kumuambia kwa sauti ya pole: « Papa, wizi ulilipa azabu yake. Lakini huu uongo ni wa mwaka huu. »

Lile neno lilitupiga. Tangu siku ile hatuandikie tena mutu mashamba yenye hakulima. Sivi ya Sudere tuliianza upya, na ilitukamata siku tatu. Tunaielezea hapa musitari kwa musitari, kwa sababu wanaume na hata wamama wengi wanatoka Dilala, Buluo ao Kasapa na shida ileile: wafanye nini na ile shimo ya myaka katikati ya sivi.

Mbele ya kuandika neno moja, tulimuuliza: ulihukumiwa ao ulingojea tu? Katika buloko zetu, sehemu kubwa ya watu hawajasomewa hukumu. Mutu anaweza kulala ndani mwaka muzima kama prevenu, kisha anatoka bila kuhukumiwa. Yule hana haki ya kuandika « nilihukumiwa », hata kama mutaa yote inamuita mufungwa wa zamani. Kazye inaandikaka hukumu. Kungojea si hukumu. Tumekwisha kuona kreseri mumoja, walimukamata ndani ya konsesyo, alilala miezi saba, akaachiliwa bila kesi, na yeye mwenyewe anaandika kwenye sivi « kondane ». Alijichafua bure. Kwake inatosha kusema: « Nilizuiwa miezi saba, sikuhukumiwa. » Na mwenye alitoka mbele ya wakati kwa liberte kondisyoneli, asiandike « nilimaliza azabu » kama masharti ingali inamufunga. Aseme alitoka kwa masharti, na kama kuna siku za kujionyesha kwa serkali, mukubwa wa kazi azijue mapema, asifikiri mutu anakwepa kazi.

Sudere yeye alihukumiwa na akamaliza. Hapo neno liko wazi.

Kisha tukatafuta mikanda. Bije ya kutoka buloko alikuwa nayo, imekunjwa mara ine ndani ya Biblia ya bibi yake. Ile bije haiendi ndani ya farde ya kuomba kazi mupaka waiombe, lakini ndiyo inatoa tarehe. Sudere alikuwa anakumbuka kwamba aliingia mwezi wa saba; bije inasema mwezi wa nane. Mwezi moja ni kitu kidogo, lakini mutu wa biro akiona tarehe mbili zinapingana, anawaza kuna kitu kingine kimefichwa nyuma.

Mukanda wa pili ulikuwa wa maana zaidi, na hakuwa nao: sertifika ya mwisho wa kazi kutoka sosiete yake ya zamani. Walivunja kontra wakati yeye iko ndani. Bibi yake alienda mara mbili kuomba kartasi, mara mbili wakamufukuza kwenye barrière, eti hakuna sertifika kwa mwizi. Hapa Kodi ya travayi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 iko wazi, na delege yeyote anapaswa kujua artikle 79 kwa kichwa. Kontra ikiisha, kwa sababu yoyote, mukubwa wa kazi analazimishwa kutoa sertifika yenye kuonyesha kazi gani mutu alifanya, kwa muda gani, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yake ya INSS, ile leo inaitwa CNSS. Na sheria inaongeza kwamba hakuna neno lingine linaruhusiwa kuandikwa pale. Maana yake, sertifika haina haki ya kusema mutu alifukuzwa juu ya nini. Tuliandika barua ya mistari sita, tukataja artikle, tukaipeleka na kupigisha aki ya kupokea kwenye kopi yetu. Kisha siku tisa kartasi ilitoka: sudere, mwezi wa tatu 2014 mupaka mwezi wa kumi 2021. Ndiyo myaka saba na nusu ya kazi yenye mutu yule alitaka kutupa juu ya haya.

Tarehe ya kumaliza inaonyesha mwezi wa kumi, na yeye alikamatwa mwezi wa nane. Ni sawa, kontra iliendelea kuhesabiwa mupaka walipoivunja. Kwenye sivi tuliacha tarehe ya sertifika, hatukuigusa.

Sasa tukafika kwa ile shimo. Tulimuuliza: ndani ulifanya nini? Akajibu kama wote wanavyojibu: « Hapana kitu. Nilifunga tu. »

Kama ungekuwa hapa ungesikia vile jibu hili linachelewa kufunguka. Tulimuuliza siku yake ilianza saa ngapi. Saa kumi na moja. Kufanya nini? Kupima unga. Unga gani? Pole pole mambo ikatoka. Mwaka wa kwanza alitumika katika atelye ya buloko, yenye mashini moja ya kusude iliyotolewa na kanisa. Mwaka wa pili wakamuweka kapita wa jiko. Alikuwa anapokea mifuko ya unga na ya maharagi, anaandika katika daftari kilichoingia na kilichotoka, anapima kila asubui mbele ya watu wawili kusudi mutu asiseme kapita anakula chakula cha wafungwa. Alifanya ile kazi miezi kumi na moja, na hesabu ya mwisho wa mwezi ilikuwa inaenda kwa mukubwa wa buloko. Mutu aliyehukumiwa juu ya wizi, walimupatia ufunguo wa stoki kwa miezi kumi na moja, na hawakumunyanganya. Kwetu huu musitari ulikuwa na uzito kuliko maneno yote ya « niko mutu wa bidii ».

Hapa watu wanakosea mara mbili. Wengine wanaacha kazi ya buloko kwa sababu haikulipwa. Sivi haiulize mulipo, inauliza kazi. Wengine wanaivika koti kubwa: jiko la buloko linakuwa « jiransi ya lojistike », atelye inakuwa « shefu wa produksyo ». Mutu wa biro anasoma mara moja, anacheka. Tulimuambia Sudere: hesabu vitu. Ulitengeneza nini, ngapi, kwa chuma gani? Akahesabu na vidole: vitanda 46 vya tibu kare, milango 12 ya toli, na mishikio ya sufuria kubwa zisizo na hesabu. Tukaandika 46 na 12, sufuria tukaziacha.

Lakini kuna kitu kingine katika atelye ile, na hapa ndipo heshima ya kazi inaingia. Vitanda vya tibu vinasudewa na bageti nyembamba ya milimetre 2,5, ile 6013 ya kawaida, chuma kimelala kwenye meza. Mugodi haufanyi vile. Kwenye mugodi wanasude tole nene, siku ingine milimetre 12 na zaidi, wanasude tiyo, wanasude kitu kimesimama ukutani, na bageti ya 7018. Mutu anaweza kuwa fundi kwa ile ya kwanza na mukono wake ukawa umesahau ile ya pili. Sudere alikuwa na karte ya zamani ya kalifikasyo, ya mwaka 2020, na alitaka tuiweke juu kabisa ya sivi. Tukakataa. Katika sheria za kazi hii, kwa norme ya ISO 9606 kama vile kwa ASME, sudere akiikala miezi sita bila kutumia ile namna ya kusude, karte yake haina nguvu tena mupaka afanye teste upya. Yeye aliikala zaidi ya miaka mbili. Na si buloko peke yake inafanya vile: mutu akiwa mugonjwa mwaka moja, karte yake inakufa pia. Kwa hiyo tukaandika ukweli: « Kalifikasyo 2020, inaomba teste ya kurudilia. » Musitari ule ulimuuma kuliko musitari wa buloko. Alisema: « Buloko njo ya serkali, lakini mukono ni wangu. »

Kwa mafunzo, tulitenganisha yenye iko na kartasi na yenye haina. Ndani ya buloko alifanya siku tatu za sekurisme na shirika moja la inje, na walimupatia atestasyo. Ile inaingia kwenye sehemu ya mafunzo, na migodi inaipenda, kwa sababu kila timu inapaswa kuwa na mutu mwenye anajua kufunga kidonda na kulaza mutu aliyeanguka. Tuliangalia kichwa cha atestasyo: iko jina la shirika, haiko jina la buloko. Vizuri. Mwenye atestasyo yake iko na kichwa cha buloko asiitupe wala asikate kichwa kwa kizizi, kama tulivyoona kwa kijana mumoja. Kartasi iliyokatwa inasema mabaya kuliko kartasi nzima. Anaweza kuuliza mufundishaji kama shirika lake linaweza kuandika atestasyo ingine kwa jina lake lenyewe, yenye kuonyesha siku ngapi na mambo gani yalifundishwa.

Pia kulikuwa na muzee, tekinisye wa zamani, naye mufungwa, aliyemufundisha Sudere kusoma plan: alama za soudire, vipimo, mukato. Miezi mingi, kila jioni, na kaa juu ya sima. Hakuna atestasyo. Ile hatukuiweka kwenye mafunzo. Tuliiweka kwenye « ninachojua kufanya »: kusoma plan rahisi za sharpanti. Kama watamupatia plan na kumuuliza, atajibu. Hicho ndicho kipimo chetu: musitari usio na kartasi unaingia tu kama mutu yuko tayari kuufanya mbele ya macho yao kesho asubui.

Sivi tunaiandika katika kifaransa, kwa sababu biro inasoma kifaransa. Hapa tunaitoa kwa kiswahili ili kila mutu asikie. Ile sehemu yenye tuliikalia siku nzima ilitoka hivi:

« 2014-2021. Sudere, sosiete ya sutretansi ya mugodi, Kolwezi. Kusude na kutengeneza sharpanti, benne na tiyo. Sertifika ya kazi iko.

2021-2023. Kifungo, azabu imemalizika mwezi wa 12/2023. Katika wakati huo: miezi 12 katika atelye ya kusude (vitanda 46 vya tibu, milango 12 ya toli), miezi 11 kapita wa jiko, kushika daftari ya stoki na kupima chakula kila siku, mafunzo ya sekurisme, siku 3, atestasyo iko.

2024 mupaka leo. Kazi za kusude za mutaa kwa kujitegemea: portaye, madirisha, kutengeneza mikokoteni. »

Angalia namna neno « kifungo » lilivyowekwa. Liko pale, mara moja, na tarehe. Halina sababu ya hukumu, halina jina la juje, halina « nilionewa ». Kuna mutu alituletea sivi yenye nusu ya ukurasa juu ya kesi yake, na jina la avoka na namba ya dosye. Yule alikuwa mukweli, lakini sivi si tribinali ya pili. Maelezo yana kufasi yake, nayo ni mbele ya mutu anayekuuliza kwa kinywa.

Wandugu wengine katika sendika hawakukubaliana nasi. Walisema: andika myaka tu ya kazi, acha shimo, wakiuliza atajibu. Neno hili lina akili yake. Pale ambapo hawaombe kazye, kwa mufano kwa mwenye garaje ao kwa mutu anayejenga nyumba, mutu anaweza kuandika kazi ya atelye bila kusema atelye ilikuwa wapi, kisha aseme ukweli akiulizwa. Hatuoni uongo ndani yake. Lakini sutretansi ya migodi inaomba kazye karibu kila mara. Kule buloko itajulikana kwa njia yoyote, na inabaki tu kujua kama itajulikana kwa kinywa chako ao kwa kartasi ya serkali. Halafu kuna hatari ingine: ukiingia kwa uongo na ikajulikana kisha miezi mine, wakati tayari una deni kwa duka na watoto wamerudi masomo, watakufukuza juu ya uongo, na hata sisi delege hatutakuwa na neno la kukutetea. Tumeikala kwenye meza ile. Haipendezi.

Baada ya sivi, tulifanya mazoezi ya kujibu. Mumoja wetu alijifanya mukubwa wa biro. Akauliza: « Huu kifungo ni wa nini? » Sudere akaanza na rafiki waliomudanganya, na mulinzi aliyefungua barrière, na bei ya shaba ya mwaka ule. Dakika tano zikapita, na jina la kosa halijatoka bado. Tukamusimamisha. Mutu akisikia maelezo marefu anawaza kwamba kosa lingali moto ndani yako. Tukamuomba aseme maneno matatu tu: kosa lilikuwa nini, liliisha lini, na anafanya nini tangu pale. Kisha anyamaze. Alirudilia mara nyingi mupaka ikatoka hivi: « Nilihukumiwa juu ya wizi wa kable, nilikuwa ndani yake. Nilimaliza azabu mwezi wa kumi na mbili 2023. Tangu pale ninasude kwa mutaa, na mwenye atelye wa kanisa anaweza kuwaambia namna nilitumika. » Kunyamaza ndiyo ilikuwa nguvu kwake.

Yule mwenye atelye, omonye wa kanisa, tulimupigia simu mbele ya kuweka jina lake. Usiweke mutu kama shahidi bila kumuuliza. Siku wanamupigia akasema « simukumbuke », sivi yote inaanguka.

Tena tulizungumza kitu ambacho sivi haiwezi kutengeneza. Alihukumiwa juu ya kable, na kable iko katika kila mugodi. Hatukumuacha aombe kazi ya magazinye, hata kama daftari yake ya jiko ilikuwa safi. Kesho kable ikipotea, wataanza na yeye, na atakuwa mufungwa mara ya pili juu ya jina lake. Aliomba kazi ya atelye tu, mahali kazi inafanyika mchana na mbele ya watu. Kuna wenye watasema tunamupunguzia haki. Labda. Sisi tunaishi hapa, tunajua namna ankete zinaanzaka.

Sivi mpya ilienda kwa sosiete tano, pamoja na karte ya ONEM ya mwenye kutafuta kazi. Tatu hazikujibu. Moja ilisema wazi kwamba hawapokee mutu mwenye kazye iliyoandikwa, na walau hawakumupotezea wakati. Ya tano, sutretan moja ndogo ya kutengeneza benne za kamyo, ikamuita.

Mahojiano yalikuwa ya dakika kumi. Walisoma musitari wa kifungo, wakauliza, akajibu yale maneno matatu, akanyamaza. Shefu wa atelye akaruka ile habari na kumuuliza kitu kingine: bageti ya 7018 ikiikala inje usiku muzima, unafanya nini? Sudere akasema haiingii kwenye kazi vile, inanyonya unyevu wa hewa na soudire inaweza kupasuka. Inapaswa kurudi katika furu kwa digri zaidi ya 300, saa moja ao mbili, kisha kuikala katika furu ndogo ya moto mupaka wakati wa kuitumia. Shefu akasema: « Njo kesho na kombinezo. »

Kwa teste walimupatia tole mbili za milimetre 12. Ya kulala ilitoka vizuri. Ya kusimama, kupanda toka chini, ilimushinda: walipoikata na kukunja kipande, ilifunguka katikati, na ndani ukaona letye imefungiwa kati ya pase ya kwanza na ya pili. Aliharakisha na hakupiga burosi sawasawa. Hakubishana. Aliwakumbusha kwamba sivi yake ilisema anaomba teste ya kurudilia, na akauliza kama anaweza kujaribu tena kisha mazoezi. Shefu alirudi kuangalia sivi, akapata ule musitari wa kalifikasyo 2020. Baadaye alituambia kwamba ni ule musitari ulimufanya amungoje: wengi wanakuja na karte iliyokufa na kusema iko nzima.

Walimuchukua kama musaidizi wa sudere, kwa kazi ya siku kwa siku, na saa moja kila jioni ya kujizoeza kwenye mabaki ya tole. Mara ya pili, juma la tatu, kipande cha kusimama kilikunjwa na hakikufunguka.

Kontra bado hawajaandika. Lakini artikle 40 ya Kodi inasema mutu wa siku kwa siku akimaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi mbili, na wakamuchukua tena mbele ya ile miezi mbili kuisha, kontra yake inahesabiwa ya muda usio na mwisho. Sudere amechukua daftari kama ile ya jiko, anaandika kila siku anayoingia, saa na kazi, na anaomba pwanter aweke sinyo kando. Juzi alipita kwenye biro kutuonyesha. Alikuwa amefika siku ya 19.